Uzi: Ripoti ya jaribio la chumvi ya bahari imerudishwa ipangwe upya kwa lengo, vifaa, hatua, jedwali na hitimisho

#1 MamaRaskazone

Habari zenu wana jukwaa. Binti yangu yuko darasa la saba hapa Tanga mjini. Wiki iliyopita walifanya jaribio la kuchemsha maji ya bahari hadi yakauke, kisha wakapima chumvi iliyobaki. Ripoti yake imerudi na maneno ya kalamu nyekundu: "Panga upya. Lengo, vifaa, hatua kwa namba, jedwali la matokeo, hitimisho." Alichoandika ni hiki, nakinakili kama kilivyo:

"Jumanne tulipima chumvi ya bahari. Tulikuwa makundi matatu na kila kundi lilikuwa na bakuli, maji ya bahari, taa ya spiriti na mizani. Maji yalikuwa gramu 50. Tulichemsha mpaka maji yakaisha ikabaki chumvi nyeupe. Ya kundi la pili iliruka ruka ikaanguka mezani. Sisi kundi la kwanza tulipata gramu 1.8, kundi la pili 1.5 na kundi la tatu 2.1 kwa sababu chumvi yao ilikuwa bado inang'aa kama ina maji. Kwa hiyo maji ya bahari yana chumvi na jaribio limefanikiwa."

Nilidhani kazi ni kukata aya hii vipande vitano na kuvipa vichwa vya habari. Tumekaa mezani jana usiku tukajaribu, na kila tukikata, sentensi moja inataka kukaa sehemu mbili. Ile ya chumvi kuruka, kwa mfano, ni hatua, ni matokeo au ni hitimisho? Naomba mwenye uzoefu atuelekeze.

#2 KijanaNgamiani

Shikamoo mama. Mimi niko kidato cha tatu na ripoti za namna hii tunaandika kila wiki, kwa hiyo naweza kusaidia. Lengo liwe "kuonyesha kwamba maji ya bahari yana chumvi". Vifaa avipange kwa orodha. Hatua lazima ziandikwe kwa kuamrisha, yaani "chukua bakuli, mimina maji, washa taa", na si kwa kusimulia. Matokeo ayaweke kwenye jedwali lenye safu mbili, kundi na gramu. Hitimisho ni kulirudia lengo tu na kusema kwamba limefikiwa. Ile habari ya chumvi kuruka aiondoe kabisa, kwa sababu ni kasoro ya kundi jingine na itamfanya apunguziwe alama.

#3 MkulimaWaChumvi

Mimi nina mabwawa ya chumvi huku kaskazini mwa Tanga, na nimesoma swali hili kwa makini. Mama, mwambie binti yako kwamba walikosea tangu mwanzo kuchemsha hadi maji yote yaishe. Chumvi nzuri haipatikani hivyo. Maji ya bahari yakianza kupungua bwawani, kwanza hutulia chini utando mweupe wa chokaa, kisha jasi, na chumvi ya kula huanza kujijenga maji yakishabaki kama sehemu moja ya kumi ya yale ya mwanzo. Hapo tunaiacha ijikusanye, tunaivuna, na yale maji machungu yanayobaki tunayafungulia yaende zake. Ukiyakausha pamoja na chumvi, unapata chumvi chungu inayovuta unyevu hata ikiwa ndani ya gunia. Kwa hiyo katika hatua zake aongeze ya kumwaga maji machungu kabla hayajaisha.

#4 FundiMaabara

Nimefanya kazi ya maabara ya shule kwa miaka mingi, na nimesahihisha ripoti nyingi za jaribio hili. Ndugu MkulimaWaChumvi, uliyoeleza ni kweli tupu, lakini ni majibu ya swali jingine. Wewe lengo lako ni kupata chumvi safi ya kula. Binti huyu alitaka kujua maji ya bahari yamebeba chumvi kiasi gani, na hapo hayo machungu nayo yanahesabiwa, kwa sababu yalikuwamo ndani ya maji. Angemwaga maji machungu kama unavyoshauri, angepata chumvi nzuri na jibu pungufu. Nakushukuru hata hivyo, kwa sababu umetuonyesha mahali ripoti ilipovunjikia: haina lengo, na pasipo lengo mtu hawezi kujua ipi ni hatua sahihi na ipi si sahihi.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na lengo alilolipendekeza KijanaNgamiani. Kama lengo ni kuonyesha kwamba maji ya bahari yana chumvi, mizani ya nini? Kuonja kungetosha, na jedwali la gramu halingekuwa na kazi. Mtoto alipima kabla ya kuchemsha na baada ya kuchemsha, kwa hiyo vitendo vyake vyenyewe vinatuambia alichokuwa akikitafuta. Lengo ni "kupima kiasi cha chumvi kilichomo katika maji ya bahari ya Raskazone", kama huko ndiko yalikochotwa.

Mama, kabla sijaendelea naomba umuulize mambo matatu ambayo aya yake inayaficha. Kwanza, gramu 50 za maji walizipimaje? Pili, chumvi ilipimwa bakuli likiwa la moto au limeshapoa? Tatu, walijuaje kwamba maji yameisha? Sina haja ya kumtega. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu hawezi kuyaruka anapoandika kwa namba, ingawa katika masimulizi yanapita bila kuonekana.

#5 MwalimuMstaafu

Naongezea jambo moja kuhusu kuamrisha, maana kijana ameliandika kama sheria. "Mimina maji" ni lugha ya maelekezo, yaani karatasi anayopewa mwanafunzi kabla ya kufanya. Ripoti huandikwa baada ya kufanya, na msomaji wake anataka kujua kilichofanyika kweli. Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kusema hivyo bila kuandika "mimi" na "sisi" kila mahali: maji yalipimwa, bakuli lilipashwa moto, chumvi iliachwa ipoe. Najua wapo walimu wanaotaka amri hata kwenye ripoti, na mtoto afuate anachotakiwa na mwalimu wake. Hatari ya amri ni kwamba mtoto huandika kilichopaswa kufanyika badala ya kilichofanyika. Kundi la pili lingeandika "chemsha kwa moto mdogo" na msomaji asingejua kamwe kwamba moto ulikuwa mkubwa.

Jambo la pili ni namba zenyewe. Watoto wengi huweka namba kwenye kila sentensi, nao hudhani wamepanga. Namba ni ya kitendo kimoja ambacho mtu anaweza kukikamilisha na kusimama. Sentensi "tulichemsha mpaka maji yakaisha ikabaki chumvi nyeupe" ina kitendo, ina kipimo cha kuacha, na ina kilichoonekana. Kitendo na kipimo cha kuacha vinakwenda kwenye hatua. Weupe unakwenda kwenye matokeo.

#6 MamaRaskazone

Ahsanteni sana. Nimemuuliza na amekwenda kulichukua daftari lake la rafu, kumbe namba zote zimo humo na hakuziandika kwenye ripoti kwa sababu alidhani ni za kukokotolea tu. Mizani ni ya umeme, waliiazima sekondari ya jirani, inasoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu. Walipima bakuli tupu, wakaongeza maji mpaka mizani ikaongezeka kwa gramu 50 kamili.

Bakuli tupu la kwanza lilikuwa gramu 62.4, la pili 58.9 na la tatu 65.1. Yakiwa na maji yalisoma 112.4, 108.9 na 115.1. Baada ya kukauka yalisoma 64.2, 60.4 na 67.2.

Kuhusu moto, kundi lake waliliacha bakuli lipoe mpaka likashikika kwa mkono. Kundi la pili hakumbuki. Kundi la tatu lilichelewa, kwa sababu kuchemsha kulichukua karibu saa nzima na kengele ya mapumziko ikalia, basi wakazima taa, wakatoka, wakapima waliporudi. Kuhusu maji kuisha, anasema "tuliona kwa macho".

#7 FundiMaabara

Vizuri sana. Mwambie daftari la rafu ndilo lenye thamani kuliko ripoti yenyewe, asilitupe. Sasa naipanga upya kwa kutumia aliyoyafanya tu, bila kumwongezea kitu ambacho hakukifanya.

Lengo: Kupima kiasi cha chumvi kilichomo katika maji ya bahari ya Raskazone.

Vifaa: Maji ya bahari, bakuli 3 za kaure, taa 3 za spiriti, stendi za miguu mitatu na wavu wake, koleo, mizani ya umeme inayosoma hadi gramu 0.1.

Hatua:
1. Bakuli tupu na kavu lilipimwa.
2. Maji ya bahari yaliongezwa mpaka mizani ikaonyesha ongezeko la gramu 50.0.
3. Bakuli lilipashwa moto kwa taa ya spiriti mpaka maji yasionekane tena kwa macho.
4. Taa ilizimwa na bakuli likaachwa. Kundi la 1 lilisubiri mpaka bakuli likashikika kwa mkono. Kundi la 3 lilirudi baada ya mapumziko.
5. Bakuli pamoja na chumvi lilipimwa.
6. Uzito wa bakuli tupu ulitolewa ili kupata uzito wa chumvi.

Matokeo:

| Kundi | Bakuli tupu (g) | Bakuli na maji (g) | Bakuli na chumvi (g) | Chumvi (g) | Kilichoonekana |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 62.4 | 112.4 | 64.2 | 1.8 | Chumvi nyeupe, kavu |
| 2 | 58.9 | 108.9 | 60.4 | 1.5 | Chumvi iliruka, nyingine ilianguka mezani |
| 3 | 65.1 | 115.1 | 67.2 | 2.1 | Chumvi iling'aa kama ina maji |

Tazama jinsi swali la mama lilivyojijibu. Kuruka kwa chumvi si hatua, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuirusha. Wala si hitimisho, kwa sababu ni jambo lililoonekana kwa macho. Mahali pake ni safu ya mwisho ya jedwali, ubavuni mwa ile 1.5, ili macho ya msomaji yakifika kwenye namba ile yakutane na habari yake. Kijana alishauri iondolewe. Ikiondolewa, 1.5 inabaki yatima na hakuna atakayejua kwa nini ni ndogo.

Angalia pia maneno "kwa sababu" aliyoyaweka katikati ya matokeo: "2.1 kwa sababu chumvi yao ilikuwa bado inang'aa". Kung'aa kulionekana. "Kwa sababu" ni maoni yake, nayo yasubiri hitimisho. Hitimisho sijaliandika kwa makusudi. Aliandike mwenyewe.

#8 KijanaNgamiani

Nimekuelewa kuhusu lengo, mzee wangu, nalirudisha langu. Lakini hitimisho mbona liko wazi? Gramu 1.8 katika gramu 50 ni sawa na gramu 36 katika kilo moja ya maji. Kundi la pili ni 30 na la tatu ni 42. Ukizijumlisha ukagawa kwa tatu unapata 36 kamili. Kwa kawaida maji ya bahari hutajwa kuwa na gramu 35 hivi katika kila kilo. Kwa hiyo wastani umekubaliana, na binti aandike kwamba maji ya Raskazone yana gramu 36 kwa kilo. Ni kazi nzuri kabisa.

#9 Mhasibu_Sahare

Mimi si mtu wa sayansi, kazi yangu ni vitabu vya hesabu, lakini huo wastani wa 36 umenitia wasiwasi. Katika hesabu za duka, mtu akipungukiwa na shilingi elfu sita Jumatatu na akazidi elfu sita Jumanne, wiki inakaa sawa kwenye karatasi, ingawa ndani yake kuna makosa mawili. Hapa kundi moja lilipoteza chumvi mezani na jingine huenda lilipima maji pamoja na chumvi. Kwamba pengo la moja linalingana na ziada ya jingine, gramu 6 kushuka na gramu 6 kupanda, ni sadfa. Wastani huo hauna nguvu kuliko ile 1.8 ya kundi la kwanza ikisimama peke yake.

Nimeangalia pia mizani. Kama inasoma hadi 0.1, basi kila usomaji unaweza kukosea kidogo kwenda juu au chini, na chumvi inapatikana kwa kutoa usomaji mmoja kwenye mwingine, kwa hiyo kasoro mbili zinaweza kuungana. Hiyo 1.8 inaweza kuwa 1.7 au 1.9. Ukiipeleka kwenye kilo, ni kati ya gramu 34 na 38. Kuandika "36" kana kwamba ni namba iliyopigiliwa msumari ni kudai kuliko mizani ilivyoweza kuona. Nipo tayari kusahihishwa.

#10 FundiMaabara

Huna cha kusahihishwa hapo, Mhasibu. Natamani watahiniwa wangu wa zamani wangeusoma ujumbe huo.

#11 MkulimaWaChumvi

Nimekubali kwamba nililisoma swali vibaya, lakini kuhusu kundi la pili bado nina neno. Mnasema 1.5 ni kwa ajili ya kuruka. Je, maji yao yalichotwa wapi? Sisi mabwawani, msimu wa masika hatuvuni, kwa sababu mvua inayapooza maji na kila tulichokusanya kinayeyuka. Kama kundi la pili walichota karibu na mfereji wa mvua, maji yao yalikuwa mepesi tangu kwenye chupa. Mnalaumu moto bure.

#12 MtotoWaPangani

Naunga mkono hoja ya MkulimaWaChumvi kwa kisa changu mwenyewe. Tulifanya jaribio hili shuleni kwetu tulipokuwa vijana, tukachota maji pale mto Pangani unapoingia baharini, msimu wa masika, maji yakiwa na rangi ya udongo. Tulipata unga wa kahawia kidogo sana chini ya bakuli, na sehemu yake ilikuwa tope, kwa sababu hatukuchuja. Kwenye ripoti tuliandika "maji ya bahari" bila kusema ya wapi wala ya lini, na mwalimu akatuuliza bahari gani hiyo. Kwa hiyo mimi ningeongeza kwenye vifaa mahali pa kuchotea, tarehe, na kama maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa.

Ila nimrekebishe Kijana, gramu 35 ni katika lita moja, si katika kilo. Ingawa ni mamoja, maana lita moja ya maji ni kilo moja.

#13 FundiMaabara

Kisa chako ni kizuri na kinafaa, lakini rekebisho lako limeteleza. Ni katika kilo. Lita moja ya maji matamu ndiyo inayokaribia kilo moja. Ya bahari ni nzito zaidi, kama kilo 1.025, kwa hiyo katika lita moja utakuta karibu gramu 36. Tofauti ni ndogo, na kwa mizani hii isingeonekana. Lakini binti alipima maji kwa gramu na si kwa silinda, kwa hiyo jibu lake liandikwe kwa gramu katika kila kilo. Akiandika lita, atakuwa ameingiza kipimo ambacho hakukichukua.

Kuhusu mahali pa kuchotea nakubaliana nanyi wote wawili. Hata hivyo sidhani kwamba panafuta habari ya kuruka. Nimeliona jambo hili mara nyingi. Maji yakishabaki kama kijiko kimoja cha chai, juu hujenga gamba jeupe, mvuke unakwama chini yake, kisha gamba linapasuka kwa mlio mdogo na punje zinarushwa nje ya bakuli. Dawa yake ni kupunguza moto mara gamba linapoanza, au kuliweka bakuli juu ya bika la maji yanayochemka ili limalizie kwa mvuke. Kuchemsha kwa nguvu dakika za mwisho kunaweza kupoteza gramu 0.3 bila shida.

#14 MwalimuMstaafu

Tumesahau kundi la tatu. Nimesikia watu wakisema kwamba bakuli la moto huonekana zito kwenye mizani, na kwa hiyo 2.1 ni kwa sababu ya joto. Ni kinyume chake. Bakuli la moto hupasha hewa inayolizunguka, hewa hiyo hupanda, na mizani husoma pungufu kidogo. Zaidi ya hapo, hawa walipima baada ya mapumziko, bakuli limeshapoa. Joto haliwezi kuwa mwenye kosa.

Mimi naona chumvi yao ilivuta unyevu wakati wa mapumziko. Hewa ya Tanga tunaijua. Hata chumvi ya mezani nyumbani hugandamana kwenye kichupa mpaka tunaiwekea punje za mchele, na ile chumvi chungu aliyoitaja MkulimaWaChumvi ni mlafi wa unyevu kuliko ya kawaida. Ilikaa wazi nusu saa.

#15 FundiMaabara

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, hapo naona tofauti. Walizima taa kwa sababu kengele ililia, si kwa sababu chumvi ilikauka. Gramu 0.3 ni unyevu mwingi kuvutwa na chumvi ya gramu mbili kwa nusu saa. Ninaamini maji yalikuwamo tangu walipozima.

#16 MwalimuMstaafu

Inawezekana. Lakini mtoto ameandika kwamba iling'aa, naye hakusema aliiona lini iking'aa, kabla ya mapumziko au baada yake. Kama ni baada yake, maelezo yangu yanasimama sawasawa na yako.

#17 Mhasibu_Sahare

Naomba kuuliza kama mtu wa nje. Hakuna njia ya kulimaliza hili bila kubishana?

#18 FundiMaabara

Ipo, na ni hatua iliyokosekana kati ya namba 5 na namba 6. Baada ya kupima, bakuli lingerudishwa motoni kwa moto mdogo dakika tano, likaachwa lipoe, likapimwa tena. Usomaji ukishuka, maji yalikuwa bado yamo, kwa hiyo unarudia. Usomaji wa mara mbili mfululizo ukilingana, imekauka. Maneno "tuliona kwa macho" yangebadilishwa na namba mbili zinazofanana. Hata kama unyevu ulivutwa wakati wa mapumziko, kupasha tena kungeuondoa, na jibu la mwisho lingekuwa sahihi ingawa mimi na Mwalimu tusingejua nani kati yetu alikuwa na haki.

Niongeze mpaka wake, ili asije akafikiri kwamba moto mkali ndio bora. Ile sehemu chungu ina kloridi ya magnesiamu, ambayo hushikilia maji kwa nguvu, na ukiipasha sana ili kuyaondoa huanza kuvunjika na kutoa gesi ya asidi yenye harufu ya kukereketa puani. Hapo uzito unapungua kwa kupoteza kisichokuwa maji. Kwa jaribio la shule lenye mizani ya 0.1, moto mdogo na kupima mara mbili kunatosha.

Ila hatua hiyo hawakuifanya. Asiiandike kwenye hatua zake.

#19 KijanaNgamiani

Samahani, hapo sijaelewa. Kama tunajua ndiyo njia sahihi, kwa nini asiiandike? Sisi darasani tunaandika hatua kama zilivyo kitabuni hata kama muda haukutosha, na tunapata alama.

#20 MwalimuMstaafu

Kwa sababu mwanangu, mtu akisoma kwamba chumvi ilikaushwa hadi usomaji ulingane, kisha akakuta 2.1, atatafuta maelezo baharini wakati maelezo yako kwenye kengele ya mapumziko. Mahali pa hatua hiyo ni kwenye hitimisho, kama pendekezo la kurudia jaribio. Kuhusu alama za darasani kwenu, siwezi kumsemea mwalimu wako.

#21 MamaRaskazone

Tumerudi. Maswali mawili ameyajibu. Kila kundi lilileta chupa yake, na msichana wa kundi la pili anasema kweli walichota karibu na mfereji, siku moja baada ya mvua. Kwa hiyo MkulimaWaChumvi alikuwa na sababu ya kuuliza, na bado chumvi yao iliruka vilevile, hivyo hatujui ni lipi lilipunguza zaidi. Kung'aa hakumbuki alikuona lini. Nilitaka wapime tena bakuli la tatu, lakini mabakuli yote yameshaoshwa.

Safu ya "mahali maji yalipochotwa" ameiongeza kwenye jedwali mwenyewe. Kwenye lengo amebakiza Raskazone, kwa sababu chupa zote zilitoka ufukwe huohuo. Hitimisho ameliandika hivi, sikumsaidia zaidi ya tahajia:

"Katika maji ya bahari ya Raskazone kundi la kwanza lilipata gramu 1.8 za chumvi katika gramu 50, ambayo ni karibu gramu 36 katika kila kilo, lakini mizani yetu haiwezi kutofautisha kati ya 34 na 38. Jibu la kundi la pili ni dogo. Chumvi iliruka, na pia maji yalichotwa karibu na mfereji baada ya mvua. Jibu la kundi la tatu ni kubwa. Chumvi iling'aa, na hatukuipima mara ya pili kujua kama ilikuwa kavu. Hatukuchukua wastani wa makundi matatu kwa sababu maji hayakutoka mahali pamoja. Tukirudia, tutatumia maji ya ndoo moja, tutapunguza moto gamba likianza, na tutapima mara mbili."

#22 Mhasibu_Sahare

Ile sababu yake ya kukataa wastani ni bora kuliko yangu.

#23 KijanaNgamiani

Mimi bado naona wastani ungewekwa hata chini ya jedwali, msomaji aamue. Lakini nimechukua ile safu ya "kilichoonekana", kesho tuna jaribio la viazi kwenye maji ya chumvi na nitaichora kabla hatujaanza.

#24 FundiMaabara

Ichore pana, kijana. Viazi navyo mvifute maji kwa karatasi kabla ya kupima, na uandike mlivifuta vipi.